Nusu marathoni ya kwanza kwa kufuata mapigo ya moyo: mwanzo yanaruka, mwisho yanapanda. Niamini namba ipi?

Mwana_Kijitonyama (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo. Nina umri wa miaka 38, ninaishi Dar es Salaam, na ninajiandaa kukimbia nusu marathoni kwa mara ya kwanza katika njia tambarare ya kandokando ya bahari, mbio zikianza saa 12:00 asubuhi. Lengo ni kumaliza kwa saa mbili na robo, yaani wastani wa dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita. Nimeamua kuongozwa na mapigo ya moyo, lakini mambo mawili yananichanganya.

La kwanza ni la mwanzoni. Katika mbio za kilomita 10 nilizowahi kushiriki, saa ilinionyesha mapigo 112 nikiwa nimesimama tu nikisubiri kuruhusiwa, na kabla kilomita ya kwanza haijaisha yalikuwa yamefika 170, ingawa nilikuwa katika mwendo ambao mazoezini hunipa 150. La pili ni la mwishoni. Katika mbio zangu ndefu za Jumapili, mwendo wa 6:40 naanza nao na mapigo 150, na nikifika kilomita ya 15 au 16 nakuta 164 kwa mwendo uleule, bila mlima wala upepo. Sasa nikijiwekea ukomo wa 160, mwanzoni utanizuia nisikimbie na mwishoni utanilazimisha kutembea. Ukomo huo niuweke wapi?

Fundi_wa_Saa

Hesabu yake ni nyepesi, mkuu. Chukua 220, toa umri wako, unapata 182, na hicho ndicho kilele cha moyo wako. Asilimia 85 yake ni 155. Usivuke hapo hadi mwisho, na saa nyingi zina kengele ya kukushtua ukivuka.

Kocha_Mstaafu

Fundi, ukomo huo ungemtosha mtu mmoja na kumnyonga mwingine. Hesabu ya 220 kutoa umri ni wastani wa watu wengi, na watu wawili wenye umri mmoja wanaweza kupishana kwa mapigo 20 bila yeyote kati yao kuwa mgonjwa. Ipo nyingine iliyotolewa mwaka 2001, ya 208 kutoa asilimia 70 ya umri, ambayo kwa miaka 38 inatoa 181. Hiyo huwafaa zaidi watu wa makamo na wazee, lakini nayo ni wastani vilevile.

Mwanzisha uzi, nakuuliza wewe: namba kubwa kuliko zote uliyowahi kuiona kwa uhakika ni ipi, na uliiona wapi? Pili, umewahi kukimbia nusu saa peke yako kwa nguvu zote unazoweza kuzihimili hadi mwisho? Kama bado, fanya hivyo kiwanjani asubuhi. Tupa dakika 10 za mwanzo, kisha utuletee wastani wa mapigo ya dakika 20 zilizobaki. Namba hiyo inaeleza zaidi kuliko umri wako.

Mama_Wawili_Mbezi

Samahani kwa kuingilia. Hata mimi mapigo hunipanda, hasa usiku nikishalala, moyo unadunda hadi nausikia kwenye mto. Je, nami nikimbie taratibu?

Nesi_wa_Tanga

Dada, hilo lako ni jambo jingine na halitibiwi kwa mwendo wa kilomita. Moyo kwenda mbio mtu akiwa amepumzika ni wa kupimwa kituo cha afya, pamoja na presha na wingi wa damu, kabla ya kuingia kwenye mbio zozote.

Nami niongeze kwa mwanzisha uzi, kwa kuwa watu huchanganya. Kupanda unakokueleza ni kwa polepole, pigo moja au mawili kwa kila dakika kumi, na ukipunguza mwendo yanashuka. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni mapigo kuruka ghafla, tuseme kutoka 155 hadi 200, huku ukihisi kizunguzungu, kifua kubana au moyo kudunda bila mpangilio. Hapo hakuna cha ukomo wala mpango. Unasimama na kuita watu wa huduma ya kwanza.

Mwana_Kijitonyama

Ahsante Kocha, ahsante dada Nesi. Nimefanya jaribio la nusu saa kiwanjani, na wastani wa dakika 20 za mwisho umekuwa 170. Kuhusu namba kubwa, niliwahi kufikia 189 nikimalizia kilomita 5 kwa kukimbizana na jirani yangu. Nilipimia mkanda wa kifuani siku zote mbili, kwa hiyo naamini namba hizo ni sahihi. Mbio zile za kilomita 10 nilivaa saa peke yake.

Fundi_wa_Saa

Basi hapo umenipa kazi ninayoijua. Saa ya mkononi haisikilizi moyo, inamulika ngozi kwa taa ya kijani na kusoma jinsi damu inavyojaa na kupungua. Mkono unapopigapiga, damu nayo inatikisika kwa mdundo wa hatua, na wakati mwingine saa inashika mdundo huo ikidhani ndiyo mapigo. Wakimbiaji wengi hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika, kwa hiyo namba ya uongo inafanana kabisa na namba ya kweli ya mtu anayekimbia kwa nguvu.

Fungua kumbukumbu ya mbio zile za kilomita 10 uangalie idadi ya hatua kwa dakika. Kama mstari wa hatua na mstari wa mapigo vimelaliana pale kwenye 170, saa ilikuwa inahesabu miguu. Dalili nyingine ni kwamba mapigo ya kweli hupanda kwa mteremko laini, lakini haya huruka kutoka 130 hadi 170 ndani ya sekunde chache, yanabaki hapo bila kutikisika, kisha yanaanguka ghafla ukisimama kunywa maji. Saa iliyolegea na mkono mkavu huzidisha tatizo, na ndiyo maana hutokea zaidi mwanzoni kabla jasho halijatoka.

Mwana_Kijitonyama

Nimefungua. Hatua ni 168 hadi 171 katika kilomita ya kwanza, na mapigo ni 169 hadi 171. Kuanzia kilomita ya pili mapigo yanashuka ghafla hadi 158 huku hatua zikibaki palepale. Fundi, nakuvulia kofia.

Kocha_Mstaafu

Hongera Fundi, ila tusiutupie mzigo wote mtambo. Zile 112 akiwa amesimama ni za kweli. Mtu anasubiri kuruhusiwa, muziki unapigwa, watu wanasukumana, na homoni za msisimko zinaupandisha moyo kabla mguu haujanyanyuka. Hata kwa mkanda wa kifuani, kilomita mbili za mwanzo za siku ya mbio huonyesha mapigo matano hadi kumi zaidi ya mazoezini kwa mwendo uleule.

Papo hapo kuna kosa la upande wa pili, na hili ndilo linalowaangamiza wageni wengi. Mapigo huchelewa kufuata kazi ya miguu. Ukiondoka kwa kasi kubwa, inapita dakika moja hadi tatu kabla ya moyo kufikia kiwango kinacholingana na kasi hiyo. Kwa hiyo anayekimbia 5:40 katika mita mia nne za mwanzo anaweza kuona 148 kwenye saa na kujiona yuko salama, ilhali deni linakusanyika. Namba moja inazidishwa na msisimko, na hiyohiyo inapunguzwa na kuchelewa, na wewe uliye barabarani huwezi kujua ni upande upi umeshinda. Ndiyo maana nasema mapigo ya kilomita tatu za mwanzo yasitumike kuamua lolote.

Kwa namba ulizoleta, mimi ningepanga hivi. Kilomita tatu za kwanza fuata mwendo, siyo mapigo: 6:35 hadi 6:40, hata kama umati mzima unakupita, na uweze kusema sentensi nzima bila kukata. Kuanzia kilomita ya nne hadi ya 12 ndipo mapigo yanapokuwa mwalimu mzuri, na wewe ukae kati ya 155 na 160, ambayo ni kama asilimia 91 hadi 94 ya ile 170 yako ya jaribio la nusu saa. Kuanzia ya 13 ruhusu yapande yenyewe hadi 167, bila wewe kuongeza kasi kwa makusudi. Ukifika ya 19 acha kuitazama saa.

Mtoto_wa_Eldoret

Nimesoma kwa makini na ninaheshimu kazi ya Kocha, ila huku kwetu ungewaeleza vijana habari za 155 na 160 wakakucheka hadi jioni. Wanakimbia kwa kusikiliza pumzi na miguu. Anayeanza polepole asubuhi anaongeza kadiri mwili unavyofunguka, na hakuna anayemwambia kwamba kilomita ya nne imefika. Kama unaweza kuongea, unaenda vizuri. Ukianza kujibu kwa neno mojamoja, umekaribia ukomo. Moyo unaweza kudanganywa na kahawa, usingizi mbaya au joto, pumzi haidanganyiki.

Dada_wa_Mikocheni

Kaka wa Eldoret, hao vijana wamezaliwa wakikimbia na wanakimbia kila siku pamoja. Sisi tunaotoka ofisini hatuna huo usikivu. Nilipoanza, nilidhani kila pumzi ilikuwa ya kawaida hadi nikajikuta nimekaa ukingoni mwa barabara.

Ila nakuunga mkono kwa sababu yangu mwenyewe. Ninatumia dawa ya presha ya jamii ya atenololi, na moyo wangu hauvuki 140 hata nikimbie nikifukuzwa na mbwa. Mipango yote ya asilimia inayotolewa hapa hainihusu. Daktari wangu aliniruhusu kukimbia na kunishauri nipime kwa kuongea, na usemi wa pumzi ndio ninaoutumia. Naomba yeyote anayetumia dawa kama hizo asichukue namba za uzi huu na kuziweka kwenye saa yake.

Nesi_wa_Tanga

Dada wa Mikocheni amesema neno la maana sana, na wala asiache dawa ili namba zake zifanane na za wengine.

Mzee_wa_Ilala

Vijana, suala la kuanza kwa pupa halikuanza na saa. Mwaka 1982 kule Brisbane, katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Watanzania wetu Juma Ikangaa na Gidamis Shahanga waliondoka wakawaacha wenzao mbali. Mwishoni Mwaustralia Robert de Castella akawafuata taratibu hadi akawapata. Ikangaa aliishiwa kabisa, na laiti angejizuia mwanzoni dhahabu ingekuja nyumbani.

Mpenda_Riadha

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, Ikangaa hakuishiwa. De Castella alimaliza kwa saa 2:09:18 na Ikangaa kwa 2:09:30. Zile ni sekunde 12 katika kilomita 42, tena walipokonyana uongozi hadi karibu na mwisho. Aliyerudi nyuma ni Shahanga, naye siku chache kabla alikuwa ametoka kushinda dhahabu ya mita 10,000, kwa hiyo miguu yake ilikuwa na deni jingine. Na Ikangaa huyohuyo, mwenye desturi ya kuongoza mapema, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa 2:08:01. Kuna watu ambao kuanza kwa kasi ndiyo mbinu yao.

Mzee_wa_Ilala

Marahaba. Sekunde 12 nazikubali, nilikuwa naisimulia kwa kumbukumbu ya redio. Lakini bado huwezi kumpa mwanzisha uzi mbinu ya Ikangaa.

Mwana_Kijitonyama

Mzee, hata mwenyewe sijiombei. Narudi kwenye swali la pili ambalo bado halijajibiwa. Kwa nini mapigo yanapanda kutoka 150 hadi 164 wakati kasi haijabadilika? Nikijua sababu, nitajua kama niyatii au niyapuuze.

Mwalimu_Baiolojia

Hapo pana maelezo kadhaa na wataalamu wenyewe hawajayamaliza. Yale ya zamani yanasema hivi: joto la mwili linapopanda, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi ili ipoe, hivyo damu inayorudi moyoni inapungua. Moyo ukipata damu kidogo kwa kila pigo, unaongeza idadi ya mapigo ili jumla ibaki ileile. Kwa maelezo haya misuli yako haifanyi kazi zaidi ya mwanzo, ni usafirishaji tu uliokuwa mgumu.

Maelezo ya pili yanageuza mnyororo huo. Yanasema joto na homoni za msisimko huanza kwa kuyapandisha mapigo, na moyo unaopiga upesi unakosa muda wa kujaa, kwa hiyo kila pigo linasukuma damu pungufu. Waliochunguza hili waliwapa watu dozi ndogo ya dawa ya kuzuia mapigo yasipande, na ile damu ya kila pigo ikaacha kupungua. Ni ushahidi mzito, ingawa haufuti kabisa yale ya kwanza, hasa kwa mtu aliyepoteza maji mengi.

Fundi_wa_Saa

Mwalimu, mbona umelizunguka jambo? Ni maji. Anayekunywa vya kutosha mapigo hayapandi. Mwambie anywe kila kituo, vikombe viwili viwili.

Nesi_wa_Tanga

Fundi, rudi kwenye saa, huko unatuua. Maji yanapunguza kupanda kwa mapigo, hayakuondoi, kwa sababu hata aliyerudishiwa maji yote bado ana joto mwilini. Na mtu wa saa mbili na robo anayejilazimisha vikombe viwili kila kituo anaweza kunywa kuliko anavyotoa jasho, chumvi ya damu ikashuka, na hilo huleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata degedege. Kiu imwongoze.

Mwanzisha uzi, fanya jambo moja Jumapili. Jipime uzito bila nguo kabla ya kukimbia, kumbuka ulichokunywa njiani, kisha jifute jasho na ujipime tena.

Mwana_Kijitonyama

Nimejipima. Kabla nilikuwa kilo 74, baada ya kilomita 17 nilikuwa kilo 72.3, na njiani nilikunywa nusu lita. Kwa hiyo nimetoa jasho la lita 2.2 hivi kwa muda usiofika saa mbili, na pengo lililobaki ni kama asilimia 2.3 ya uzito. Mapigo yamepanda kama kawaida yake.

Kocha_Mstaafu

Pengo hilo si la kutisha na si la kupuuza. Kwa unyevu wa Dar hutaweza kurudisha lita zote mbili, tumbo litakukatalia. Kunywa mafunda machache kila kituo, na maji mengine jimwagie kichwani na shingoni. Kuna asubuhi ambazo hewa imeshiba unyevu hadi jasho linadondoka chini bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi. Hapo maji ya baridi juu ya ngozi yanafanya kazi ambayo jasho limeshindwa.

Nami niongeze sababu ya tatu kwa Mwalimu, ya wanaofundisha. Misuli inapochoka, mwili unaita nyuzi nyingine za misuli zinazotumia oksijeni nyingi kwa kazi ileile, na hatua zenyewe zinakuwa nzito. Kama kupanda kwa mapigo kumetokana na hilo, basi namba haidanganyi: gharama ya kilomita imeongezeka kwelikweli. Ndiyo maana sikubali kuyapuuza yote. Ya joto unaweza kuyavumilia kiasi, ya uchovu yanakuambia kwamba ukuta uko mbele.

Mwana_Kijitonyama

Nitayatofautishaje nikiwa barabarani?

Kocha_Mstaafu

Tazama pumzi, kama alivyosema Mtoto wa Eldoret. Mapigo yakipanda hadi 165 na bado unasema sentensi fupi bila shida, kuna uwezekano mkubwa ni joto. Mapigo yakipanda na sentensi zikakatika, punguza sekunde 10 kwa kilomita, ukasubiri dakika tatu kabla ya kuamua tena. Usipunguze kila saa inapolia, la sivyo utakimbia kwa kurukaruka.

Mchagga_wa_Kibosho

Haya yote ni ya watu wa tambarare. Njooni Moshi mkimbie nusu marathoni ya Kilimanjaro, ambako unapanda kuelekea Mweka kwanza, kisha unageuka kushuka mjini. Mgeni anashikilia mwendo wake wa Dar kwenye mlima, mapigo yanapita 175 mapema, na akigeuka kushuka anafurahi kuona 150 akidhani amepona. Hajapona. Mteremko hauhitaji pumzi nyingi, kwa hiyo mapigo yanakaa chini huku mapaja yakisagika kwa kuzuia mwili usianguke. Huku kwetu namba inakusaidia sana kupanda, haikusaidii kitu kushuka.

Fundi_wa_Saa

Mchagga, aliyeuliza anakimbia kando ya bahari. Utatufikisha Mweka sasa hivi.

Mchagga_wa_Kibosho

Tambarare ya kudumu haipo, Fundi. Hata Dar kuna madaraja, na mapigo yanapopanda mtu anasema ni joto kumbe yuko katikati ya daraja la Tanzanite.

Mwana_Kijitonyama

Wakuu, nimerudi. Mbio zimekwisha na nimemaliza kwa saa 2:16:17. Nilivaa mkanda wa kifuani, na nimepanga kumbukumbu kwa kilomita tano tano.

Kilomita 5 za kwanza: wastani wa mwendo 6:31, mapigo 157. Kilomita ya kwanza ilionyesha 166 nikiwa kwenye 6:38, nikaiacha ipige kelele, na ilipofika ya tatu ilikuwa imeshuka yenyewe hadi 155.
Kilomita 5 hadi 10: mwendo 6:24, mapigo 159.
Kilomita 10 hadi 15: mwendo 6:25, mapigo 164. Hapa jua lilikuwa limeshatoka vizuri na upepo tulikuwa tumeupa mgongo.
Kilomita 15 hadi 20: mwendo 6:34, mapigo 169. Nilivuka ile 167 ya Kocha katika kilomita ya 17, nikapima kwa kuongea na mwenzangu wa pembeni, sentensi zikawa zinakatika, nikapunguza.
Kipande cha mwisho cha kilomita 1.1: mwendo 6:10, mapigo 176.

Mwalimu_Baiolojia

Hongera sana. Kwa namba hizi tunaweza kupima kitu ambacho saa haikuonyesha wazi, yaani kilomita moja iligharimu mapigo mangapi. Zidisha dakika za kilomita kwa mapigo. Kati ya 5 na 10, dakika 6.4 mara 159 ni mapigo 1,018. Kati ya 10 na 15 ni 1,052. Kati ya 15 na 20, dakika 6.57 mara 169 ni mapigo 1,110. Ni ongezeko la asilimia 9. Wakufunzi wengi hutumia asilimia 5 kama mpaka: chini ya hapo wanasema mtu yuko imara kwa umbali huo, juu ya hapo ama joto ni kali ama msingi wake wa mbio ndefu bado mfupi.

Mtaona pia kwamba kilomita tano za kwanza ziligharimu mapigo 1,023, karibu sawa na zilizofuata. Maana yake zile kelele za mwanzo, ukizichanganya na kilomita nne zilizofuatia, hazikuharibu kitu.

Mtoto_wa_Eldoret

Hongera kaka. Nakuuliza tu: aliyeweza 6:10 mwishoni alikuwa na akiba. Ungeondoka na 6:24 tangu mwanzo, ile dakika na ushee iliyokukosesha lengo ungeipata.

Kocha_Mstaafu

Sikubaliani. Mtu yeyote akiona utepe hupata kilomita moja, hata aliyekwisha. Tazama 15 hadi 20: alikuwa amevuka ukomo na bado mwendo umeshuka. Angeongeza kasi kwa sekunde saba kwa kila kilomita mwanzoni, nadhani kushuka huko kungeanza kilomita ya 13.

Mtoto_wa_Eldoret

Unadhani, Kocha. Nami nadhani. Lakini upepo aliupa mgongo kuanzia kilomita ya 10, akawa anakimbia ndani ya hewa iliyotulia. Mimi kushuka kule nakuita joto.

Nesi_wa_Tanga

Ulijimwagia maji kuanzia lini?

Mwana_Kijitonyama

Kuanzia kituo cha kilomita ya 14. Kabla ya hapo sikuhisi joto.

Nesi_wa_Tanga

Basi ulichelewa. Joto la ndani linatangulia lile unalolihisi. Safari ijayo anza kwenye kituo cha kwanza, hata kama unaona baridi.

Kocha_Mstaafu

Na kuna namna ya kupunguza ubishi wangu na Mtoto wa Eldoret. Kimbia kilomita 16 kwa 6:30 siku moja saa 11 alfajiri kabla ya jua, na wiki nyingine umbali na mwendo huohuo saa 3 asubuhi, zote baada ya siku ya mapumziko. Hesabu mapigo kwa kilomita katika tano za mwisho. Kama ya alfajiri yanabaki karibu na 1,030 na ya saa tatu yanafika 1,100, joto litakuwa limeshinda kesi. Yakipanda sawasawa siku zote mbili, unahitaji mbio ndefu zaidi za Jumapili.

Fundi_wa_Saa

Alfajiri ya Dar unyevu ndio uko juu kuliko saa tatu, Kocha. Utakuwa unalinganisha jasho lisilokauka na jua kali, halafu utaita hilo jaribio.

Mwalimu_Baiolojia

Fundi leo yuko sahihi. Afadhali mashine ya kukimbilia, siku moja na feni usoni, siku nyingine bila feni.

Mwana_Kijitonyama

Mashine ya gimu ya mtaani kwetu inasema 6:30 huku mkanda wa kifuani ukisoma 140. Nikimbie kwa kuiamini ipi?